Ripoti ya Gharama za Ubora, 2023 na 2024: Kiwanda cha Madumu, Chang'ombe

Kwa: Meneja Mkuu na wajumbe wa Kamati ya Fedha
Kutoka: Idara ya Uhakiki Ubora
Dar es Salaam, 14 Februari 2025

Mwaka 2024 gharama za ubora zilikuwa shilingi milioni 427.5, zikiwa zimeshuka kutoka milioni 509.0 mwaka 2023. Mauzo yalikuwa milioni 6,200 mwaka 2023 na milioni 6,800 mwaka 2024, kwa hiyo gharama hizi zimetoka asilimia 8.2 ya mauzo hadi asilimia 6.3. Tuliongeza milioni 59.5 kwenye kuzuia kasoro na kukagua, na hasara itokanayo na kasoro ikapungua kwa milioni 141.0. Hata hivyo, sehemu ya nafuu hiyo hatukuifanyia kazi sisi, na lipo fungu moja la hasara lililopanda. Naomba kamati iyasome hayo mawili kabla ya kufika kwenye maombi ya fedha.

Namna tulivyogawa

Tumefuata mgawanyo wa Armand Feigenbaum wa mwaka 1956: kuzuia, kukagua, kasoro zilizonaswa ndani ya geti, na kasoro zilizomfikia mteja. Takwimu zimetoka kwenye leja ya uhasibu, daftari za shifti na hati za marejesho ya mizigo. Kiasi chote ni katika mamilioni ya shilingi, bila VAT.

| Fungu | 2023 | 2024 |
|---|---:|---:|
| Mafunzo ya waendesha mashine | 8.4 | 21.6 |
| Matengenezo kinga ya mashine na kalibu | 22.0 | 47.5 |
| Kuwatembelea na kuwapima wauzaji wa malighafi | 3.6 | 7.9 |
| Kuzuia | 34.0 | 77.0 |
| Mishahara ya wakaguzi | 46.8 | 54.0 |
| Kupima malighafi inapopokelewa | 5.2 | 11.0 |
| Ugezi wa mizani na geji | 4.0 | 6.0 |
| Sampuli na ada za alama ya ubora ya TBS | 6.0 | 7.5 |
| Kukagua | 62.0 | 78.5 |
| Chakavu | 118.0 | 84.0 |
| Kurudia kazi na kuchambua upya | 31.5 | 22.0 |
| Mashine kusimama kwa sababu ya kasoro | 64.5 | 45.0 |
| Kasoro za ndani | 214.0 | 151.0 |
| Mizigo iliyorejeshwa | 72.0 | 41.0 |
| Fidia ya mafuta yaliyomwagika | 96.0 | 28.5 |
| Usafiri wa kwenda kwa wateja na kurudisha mzigo | 19.0 | 13.5 |
| Punguzo la bei kwa wateja waliolalamika | 12.0 | 38.0 |
| Kasoro za nje | 199.0 | 121.0 |
| Jumla | 509.0 | 427.5 |

Maamuzi matatu ya mgawanyo yanahitaji maelezo, kwa kuwa mtu mwingine angeweza kuamua tofauti na akapata jumla nyingine.

Chakavu hatukuihesabu kwa bei ya punje mpya. Madumu mabovu husagwa na kurudi kwenye mashine, kwa hiyo kilichoingizwa hapa ni umeme, muda wa mashine, kazi ya kusaga, na thamani inayopotea kwa kuwa plastiki iliyosagwa haizidi asilimia 15 kwenye dumu la mafuta ya kula kwa mujibu wa kipimo chetu cha ndani. Ziada huuzwa kwa wasagaji wa Vingunguti kwa bei ya chini.

Umeme unapokatika, muda wa mashine kusimama haumo kwenye jedwali, maana si kasoro ya ubora. Lakini madumu yanayotupwa wakati mashine inapashwa moto upya yamo. Plastiki iliyokaa kwenye kichwa cha mashine huungua, na madumu ya kwanza hutoka na madoa meusi.

Uamuzi wa tatu ndio uliozua mabishano. Punguzo la bei wanalopewa wateja waliouziwa madumu yanayovuja lilikuwa likiandikwa kama gharama ya masoko. Idara ya Mauzo inasema ni mbinu ya biashara. Sisi tumelihamishia kwenye kasoro za nje kwa miaka yote miwili, kwa sababu kila barua ya punguzo tuliyoipitia ina namba ya malalamiko ya ubora. Tungeliacha lilipokuwa, kasoro za nje zingeonekana kushuka kutoka milioni 187.0 hadi 83.0, picha nzuri kuliko hali ilivyo.

Kilichobadilika

Fidia ya mafuta ndiyo iliyoshuka zaidi. Sehemu kubwa ya fidia ya 2023 ilitokana na madumu ya lita 20 yaliyopasuka mshono wa kitako yakiwa yamepangwa juu kwa juu kwenye ghala la mteja wa mafuta ya alizeti, Singida. Chanzo kilikuwa kingo za kalibu zilizochakaa: zilikuwa hazibani plastiki sawasawa, na mshono ukatoka mwembamba. Kipimo cha kuvuja kwa hewa hakikuyanasa, kwa sababu dumu likiwa tupu mshono huo haukuwa unavuja. Ulivuja baada ya kubeba uzito kwa siku kadhaa. Tangu Machi 2024 kila shifti inakata madumu mawili na kupima unene wa mshono, na kalibu zote tatu za lita 20 zimechongwa upya.

Njia za maji ya kupoza nazo zilikuwa zimeziba kwa chokaa ya maji ya kisima. Upande mmoja wa dumu ulikuwa ukipoa polepole kuliko mwingine na kujipinda. Kuzisafisha kila robo mwaka ni sehemu ya ongezeko la matengenezo kinga, na ndiko kulikoshusha gharama za kurudia kazi.

Kwenye chakavu tuwe wakweli. Imeshuka kwa milioni 34.0, lakini kwa hesabu ya daftari za shifti takriban milioni 11 zinatokana na umeme kukatika mara chache. Mwaka 2023 uliisha na mgao mkali. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuingia kwenye gridi mapema 2024 na hali ikatulia. Gridi ikiyumba tena, fedha hizo zitarudi kupotea hata tukifanya kila kitu sawa.

Mafunzo sina hakika nayo bado. Gharama yake imezidi mara mbili, ila waendesha mashine wapya wa shifti ya usiku bado wanatoa chakavu nyingi kuliko wenzao wa mchana. Nadhani tatizo ni usimamizi wa usiku zaidi ya darasa, na sitaomba nyongeza kwenye fungu hilo mwaka huu.

Punguzo la bei kupanda kutoka milioni 12.0 hadi 38.0 ni mkia wa tukio la Singida: wateja wawili wakubwa walibaki kwa sharti la bei nafuu hadi Juni 2025. Mikataba hiyo isihuishwe bila Idara ya Ubora kusaini kwamba malalamiko yamefungwa.

Maombi kwa mwaka 2025

Tunaomba milioni 46 kununua seti ya akiba ya kingo za kitako kwa kalibu za lita 20 na lita 10, ili kuchonga kusisimamishe uzalishaji. Za lita 10 hazijaguswa, na vipimo vya Januari vinaonyesha unene wa mshono unaanza kushuka.

Tunaomba pia mkaguzi mmoja wa shifti ya usiku, milioni 9 kwa mwaka, badala ya kuongeza ukaguzi wa mwisho ghalani. Dumu likishafika ghalani tumeshalilipia umeme na kazi yote.

Uhasibu ufungue namba ya leja ya kasoro za nje ifikapo 1 Aprili, punguzo la bei likiwemo. Seti ya kingo inahitaji wiki 10 tangu kuagizwa hadi kufika bandarini, kwa hiyo uamuzi wa kamati unahitajika kabla ya tarehe 28 Februari.