Yah: Ombi la barua ya kuthibitisha tarehe za ajira yangu

Mama Rehema, shikamoo.

Habari za siku nyingi. Mimi ni Baraka Yohana, mhandisi wa maji niliyekuwa ofisi ya Dodoma, yule uliyekuwa ukimkumbusha kila mwezi kurudisha karatasi za safari. Faili langu lina namba 0147.

Naandaa maombi ya usajili wa uhandisi mtaalamu kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wanataka uzoefu wa kazi wa miaka mitatu baada ya kuhitimu, na barua ya mwajiri inayoonyesha siku niliyoanza na siku niliyoacha. Mhandisi aliyenisimamia ameshaandika ya upande wake kuhusu kazi zenyewe. Kilichobaki ni tarehe.

Hapo ndipo penye tatizo. Cheti cha utumishi mlichonipa nilipoondoka kinasema nilianza 1 Julai 2019. Hiyo ni siku niliyosaini mkataba wa kudumu. Kazini niliripoti Jumatatu, 4 Machi 2019, kwa barua ya majaribio, na mshahara niliupata tangu mwezi huohuo. Nikihesabu kuanzia Julai hadi 29 Aprili 2022 nilipoacha, napungukiwa miezi miwili kufikia miaka mitatu kamili. Nikihesabu kuanzia Machi, inatosha na kubaki.

Siombi kuongezewa hata siku moja, Mama. Nimeambatisha barua ya majaribio, hati ya mshahara ya Machi 2019 na taarifa ya michango yangu ya NSSF inayoanza mwezi huo. Novemba 2020 nilichukua siku 14 bila malipo nilipomuuguza baba. Kama zimo kwenye kumbukumbu zenu, ziandikwe. Hata zikitolewa, miaka mitatu inatimia.

Ili kukupunguzia kazi, maneno yanaweza kuwa haya:

"Tunathibitisha kuwa Baraka Yohana aliajiriwa na kampuni hii kwa muda wote, kama mhandisi mhitimu, kuanzia tarehe 4 Machi 2019 hadi tarehe 29 Aprili 2022, kikiwemo kipindi cha majaribio kilichoishia tarehe 30 Juni 2019."

Naomba iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, na iwe na saini, cheo cha anayesaini, muhuri na namba ya simu ya ofisi, maana Bodi wanaweza kupiga kuhakikisha. Kwa kuwa kampuni imebadilisha jina tangu niondoke, tafadhali ongezeni sentensi moja inayotaja jina la zamani, la sivyo hati zangu za mshahara zitaonekana ni za mahali pengine.

Nakusudia kuwasilisha maombi Ijumaa ya wiki ijayo. Nakala iliyoskaniwa ikinifikia kwa barua pepe kufikia Jumatano, nitashukuru. Ile halisi nitaifuata mwenyewe mapokezi, nipo Dodoma. Kama kumbukumbu zenu zinaonyesha tofauti na ninavyosema, nipigie kwanza kabla barua haijasainiwa.

Nisalimie wa masijala.

Wako,
Baraka Yohana