Kilimia cha Mzee Masudi

Jioni ya tarehe 8 Novemba simu ya Bakari ililia mara mbili, na alipoitazama akakuta maneno aliyoyaandika mwenyewe mwaka uliotangulia: "Kesho kupanda mahindi." Alimsomea babu yake, aliyekuwa uani akinoa jembe, kwa sauti ya karani anayesoma hukumu.

"Kilimia hakijafika," alijibu Mzee Masudi bila kuinua uso.

"Babu, mwaka jana siku kama ya kesho mvua ilikuwa imekwisha kukolea."

"Mwaka jana umekwenda na mvua yake."

Mzee Masudi alikuwa amepanda kwa kukitazama kilimia tangu ujana wake, kile kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana ambacho hata jina lake limetokana na kulima. Kanuni yake ilikuwa moja: usiku ambao nyota hizo zitakutwa zimekwisha kuchomoza mashariki, juu ya mwembe, mara tu giza linapoingia, ndio usiku wa kutayarisha mbegu. Katikati ya Septemba mtu hulazimika kungoja hadi saa nne na ushei usiku ndipo azione zikichomoza, lakini kila siku huwahi kwa takriban dakika 4, yaani saa nzima kwa siku 15, hata zikaja kukaribiana na machweo. Mzee hakuwa na habari ya dakika. Alikuwa na mwembe, na mwembe ulimtosha.

Tarehe 9 ikapita pasipo mtu kwenda shamba. Bakari alinuna, akaisogeza tarehe ndani ya simu, kisha akaisogeza tena. Kila jioni babu alimwita nje na kumwuliza anaona nini mashariki, naye alijibu kwa mkato, akidhani anafundishwa somo ambalo hakuliomba.

Jioni ya tarehe 13 mbingu zilikuwa safi. Kilimia kilikuwa kimechomoza, lakini bado kilijificha nyuma ya matawi.

"Unahesabu ngapi?" aliuliza mzee.

"Sita."

"Ndizo hizo. Nami naziona, zinang'aa leo."

Bakari akafuata kidole cha babu yake. Hakikuelekea kwenye mwembe. Kilielekea kushoto kabisa, chini, kwenye taa ya nyumba iliyokuwa mlimani, na macho ya mzee yalikuwa yameikazia taa ile kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa siku nyingi. Bakari alifumbua kinywa, akakifumba. Maswali yote ya jioni zile yakamrudia moja baada ya jingine, na safari hii hayakufanana na somo.

"Ni kweli, babu," alisema. "Zinang'aa. Ila bado hazijavuka mwembe."

Kuanzia siku iliyofuata mawingu yalitanda, na kwa jioni nne mfululizo hapakuonekana nyota hata moja. Mvua zilinyesha usiku, si kubwa, zikaacha harufu ya udongo. Jioni ya tarehe 17 mzee alikaa nje gizani kwa muda mrefu, kisha akauliza jambo ambalo Bakari hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Hiyo simu yako inasema leo ni tarehe ngapi?"

"Tarehe 17, babu."

Bakari akapekua kalenda kurudi nyuma. Kwa kuwa alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu, siku ambazo babu yake alitoa mbegu zilikuwemo kwa miaka 4: tarehe 18, 17, 19 na 17, zote za Novemba. Akazisoma kwa sauti, polepole, mara mbili.

Mzee alicheka. "Kumbe mmekuwa mkinichungulia, wewe na hicho kidude chako. Basi kimekwisha kuvuka mwembe, huko nyuma ya mawingu."

"Kwa hiyo tunapanda kesho?"

"Taratibu. Mwaka ule wa tarehe 19 kilimia kilifika siku yake, hakikukosea, na mvua ikakatika wiki tatu. Tulipanda mara mbili, umesahau? Hilo hukuliandika." Kwa kweli hakuwa ameliandika. "Nyota inaijua siku, na simu inaijua siku. Kachimbe unionyeshe udongo."

Alfajiri Bakari alichimba mpaka shimo likameza mkono hadi kiwiko, akachota udongo wa chini na kumtilia babu yake kiganjani. Mzee aliufinyanga, akaufungua mkono, akaugusa kwa kidole gumba. Donge lilipasuka vipande viwili, halikutawanyika.

"Leta mbegu."

Walipokuwa katika mstari wa tatu, mzee akitangulia na jembe, Bakari akifuata na kudondosha mbegu, kijana alishindwa kuvumilia.

"Babu, ile jioni ya tarehe 13, kilimia ulikiona?"

Mzee Masudi alipiga jembe, akafungua shimo jingine, akasubiri mbegu zidondoke.

"Si wewe ulikiona?"