Yah: Bei za jumla, mali kauli na ratiba ya magari kuanzia 1 Septemba 2026

Kutoka: Idara ya Mauzo, Kiwanda cha Misumari na Waya, Mkuranga
Kwenda: Wamiliki na mameneja wa maduka ya vifaa vya ujenzi tunaowauzia
Tarehe: 10 Agosti 2026

Ndugu wafanyabiashara,

Salaam kutoka Mkuranga. Barua hii ni ndefu kuliko tulizozoea kuwaandikia, lakini tunaomba isomwe yote, na isomwe pia na yule anayepokea mzigo dukani, maana mengi yaliyomo yanamhusu yeye kuliko mwenye duka.

La msingi ni hili: mali kauli inaendelea. Tumesikia maneno yanayozunguka Kariakoo kwamba kiwanda kinarudi kwenye fedha taslimu tupu. Si kweli. Kinachobadilika ni kwamba kuanzia 1 Septemba deni na gari vinakwenda pamoja. Duka ambalo deni lake liko ndani ya muda litapakiwa siku yake bila kupigiwa simu. Duka lenye ankara iliyopitiliza halitapakiwa, hata kama oda mpya ni kubwa mara tatu ya deni lenyewe. Hadi sasa kila kesi ilikuwa inaamuliwa kwa mazungumzo, na matokeo yake ni kwamba anayelipa mapema alikuwa anasubiri foleni moja na asiyelipa.

Bei

Bei zifuatazo ni za kuchukulia kiwandani, kwa shilingi, na VAT ya asilimia 18 imo ndani:

Misumari inchi 3 hadi 6, katoni ya kilo 25: 71,000
Misumari inchi 2 na 2.5, katoni ya kilo 25: 73,500
Misumari ya bati, katoni ya kilo 25: 86,000
Waya wa kufungia nondo, roli ya kilo 25: 74,000
Seng'enge, roli ya kilo 25: 88,000

Oda ya chini kabisa ni tani moja, yaani katoni au roli 40, na unaweza kuchanganya bidhaa upendavyo. Ukifika tani 5 unapunguziwa asilimia 2.5, ukifika tani 10 asilimia 4. Anayelipa kabla gari halijapakiwa anapunguziwa asilimia 2 nyingine juu ya bei iliyokwisha kupunguzwa. Kwa mfano, duka la Ifakara likichukua katoni 200 za misumari ya inchi 4, bei ya orodha ni 14,200,000. Punguzo la tani 5 linaishusha hadi 13,845,000, na likilipa kwanza linabaki na 13,568,100. Hiyo tofauti ya mwisho ya 276,900 mtu aipime na faida anayoipata kwa kukaa na fedha yetu siku 30. Kwa duka linalouza haraka, kwa maoni yetu, kulipa kwanza kunamfaa zaidi. Kwa duka linalosubiri wateja wavune, hapana.

Bei ya ankara ya profoma inashikiliwa siku 14. Koili za waya tunazovutia misumari zinatoka nje na tunazilipia kwa dola, ila kwenu tunauza kwa shilingi kama kanuni za mwaka 2025 zinavyotaka. Dola ikiruka baada ya siku hizo 14, profoma inaandikwa upya. Oda ambayo tayari imelipwa au imethibitishwa kwa mali kauli haiguswi, bei ipande au ishuke.

Mali kauli

Mteja mpya ananunua taslimu oda tatu za kwanza. Baada ya hapo anaweza kuomba mkopo kwa kuleta nakala ya leseni ya biashara, cheti cha TIN, na cha VAT kama amesajiliwa, pamoja na taarifa ya benki ya miezi sita. Ukomo wa mkopo wako ni wastani wa ulichonunua kwetu kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kama ulichukua milioni 12, milioni 9 na milioni 15, ukomo ni milioni 12. Anayetaka zaidi ya hapo alete dhamana ya benki. Hati za nyumba na kadi za magari hatupokei tena. Sisi ni watu wa misumari, hatutaki kufika mahali pa kuuza nyumba ya mteja.

Muda wa kulipa ni siku 30, na zinahesabiwa kuanzia tarehe uliyosaini hati ya kupokelea mzigo, si tarehe ya ankara. Wateja wa mbali wamelalamikia jambo hili kwa muda mrefu na walikuwa na haki: mzigo wa Tunduma ulikuwa unaanza kuhesabiwa siku gari likiwa bado linapakiwa hapa.

Lindi na Mtwara wana utaratibu wao. Mauzo ya Masasi, Newala na Tandahimba yanafuata korosho. Mkulima hanunui bati wala misumari mpaka minada ifunguliwe na malipo yapite kwenye vyama vyao. Kwa hiyo oda za mikoa hiyo miwili zitakazopokelewa dukani kati ya 1 Septemba na 31 Oktoba zinapewa siku 60. Kuanzia Novemba wanarudi kwenye siku 30 kama wengine, kwa sababu wakati huo fedha inakuwa mtaani.

Ankara ikifika siku ya 31 bila malipo, utapata ujumbe wa simu. Ikifika siku ya 38, mfumo unafunga akaunti na oda haiwezi kuingia mpaka ankara ile ilipwe yote. Hatutozi riba. Lakini duka likifungiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja linarudi kununua taslimu kwa siku 90. Mtu akiona mapema kwamba hatafikisha, apige simu kabla ya siku ya 30, na tutagawa deni mara mbili bila kumfungia. Akipiga siku ya 38 hakuna tunachoweza kumfanyia, hata akipitia kwa mkurugenzi.

Malipo yanapokelewa kwa benki au kwa lipa namba iliyochapishwa chini ya ankara, na uandike namba ya ankara kwenye kumbukumbu. Hundi za tarehe ya mbele zinapokelewa kwa wateja waliokwisha kufikisha mwaka mmoja nasi. Dereva na utingo hawaruhusiwi kupokea fedha, hata elfu kumi. Namba zetu za akaunti hazijabadilika na hatutawahi kuwatumia akaunti mpya kwa barua pepe au WhatsApp. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, hata ukiwa na nembo yetu, usilipe. Piga simu kwanza kwa namba iliyo kwenye ankara zako za zamani.

Kila mzigo unatoka na ankara na risiti ya EFD yenye TIN yako. Msiombe mzigo utoke bila risiti, au risiti iandikwe kiasi pungufu. Gari likikaguliwa njiani, mzigo wa wateja wote waliomo humo ndio unaokwama.

Ratiba ya magari

Dar es Salaam ni Jumatatu na Alhamisi. Kwa Kariakoo na Gerezani, Fuso zetu zitafika kabla ya saa 2 asubuhi, kwa hiyo awepo mtu wa kufungua stoo. Buguruni, Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta zinafuata mchana. Morogoro, Ifakara na Dodoma ni Jumanne. Kilwa, Lindi, Masasi na Mtwara ni Jumatano. Tanga, Moshi na Arusha ni Alhamisi. Iringa, Makambako, Mbeya na Tunduma ni Ijumaa, wiki moja ndiyo, nyingine hapana, na gari la kwanza ni 4 Septemba. Kanda ya Ziwa na Zanzibar bado hatupeleki wenyewe. Mnakaribishwa kupakia hapa kiwandani kwa magari yenu siku yoyote ya kazi, na mnapewa bei hizohizo.

Oda inafungwa saa 10 jioni, siku mbili za kazi kabla ya gari kuondoka. Oda ya gari la Jumanne inafungwa Ijumaa. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye kelele nyingi kuliko pote: gari likishapangwa haliongezwi. Kuna ndugu zetu wanaopiga simu turubai likiwa limeshafungwa, "niongezee katoni hamsini tu." Katoni hamsini ni tani moja na robo. Chini ya sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, inayotumika nchini tangu Machi 2019, hata semi ya ekseli 7 mwisho wake ni tani 56 pamoja na gari lenyewe, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Mizani ya Vigwaza haijali kama katoni ni za rafiki.

Usafiri wa Dar es Salaam na Pwani ni bure kuanzia tani 2. Kwingineko nauli inaonekana kwenye profoma kwa kila tani, na anayejaza gari peke yake analipa nauli ya gari, ambayo huwa nafuu. Kushusha mzigo ni kazi ya duka. Gari linasubiri saa mbili, likizidi hapo linaondoka na mzigo unarudi kwenye zamu inayofuata kwa nauli yako.

Jumatano ya 14 Oktoba ni Siku ya Nyerere na Jumatano ya 9 Desemba ni Uhuru, kwa hiyo gari la kusini litaondoka Alhamisi kwa wiki hizo mbili. Oda za mwisho wa mwaka zinapokelewa hadi Ijumaa ya 11 Desemba. Kuhusu masika, tunakumbuka Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya kusini kule Somanga. Barabara ikifungwa, mzigo ambao haujatoka unabaki kiwandani bila gharama kwako, na siku za deni hazianzi kuhesabiwa.

Kupokea mzigo

Hesabu kabla ya kusaini. Katoni iliyopasuka au yenye unyevu iandikwe kwenye hati palepale, dereva asaini pembeni, na picha itumwe siku hiyo. Uzito pungufu tunaupokea ndani ya saa 48, katoni ikiwa haijafunguliwa. Misumari yenye kutu tunaibadilisha kama kasoro iliandikwa siku ya kupokea. Iliyokaa dukani sakafuni msimu mzima wa mvua hatuirudishi.

Tumeambatanisha fomu ya ukurasa mmoja yenye ukomo wako mpya wa mkopo na salio la deni kama lilivyokuwa 7 Agosti. Kama salio halilingani na daftari lako, tuandikie kabla ya 21 Agosti. Kama linalingana, saini, piga muhuri, irudishe kwa barua pepe hii au mpe dereva. Wenye ankara zilizopita muda leo hawatafungiwa tarehe 1. Wamepewa mpaka 30 Septemba kuzimaliza, na katikati hapo watapakiwa kwa taslimu.

Wenu katika biashara,

Meneja Mauzo
Kiwanda cha Misumari na Waya
Barabara ya Kilwa, Mkuranga, Pwani