Maagizo kwa Mthamini: Kiwanja cha Mamboleo

Kisumu, 3 Machi 2025

Bwana Mthamini,

Tunamwakilisha dada anayemshtaki kakake mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Kisumu. Kaka alijiuzia kiwanja cha marehemu baba yao, robo ekari, kwa shilingi 900,000.

Tueleze: kiwanja hicho kingeuzwa kwa bei gani sokoni tarehe 14 Juni 2021, siku ya mauzo hayo? Na leo je? Tenga thamani ya ardhi na ya vyumba sita vya kupangisha.

Chukulia kwamba hati ni safi na wapangaji hulipa mwezi kwa mwezi. Ukikuta vingine, sema, kisha utupe hesabu zote mbili. Ukuta wa nyuma umepasuka kuanzia dirishani hadi kwenye msingi. Mteja wetu angefurahi usipouona. Sisi tunataka uupime, na useme kama ulikuwepo mwaka 2021.

Wajibu wako wa kwanza ni kwa mahakama, si kwetu tunaokulipa, na ada yako haitegemei nani atashinda. Taja mauzo uliyolinganisha nayo na usichoweza kukagua. Ambatanisha barua hii kwenye ripoti, itufikie kabla ya 28 Machi.

Wako,
Wakili wa mlalamikaji