Tukaguane mihtasari kabla ya Novemba

Mwenyekiti, katibu wetu, kaka na dada zangu, na wewe mzee wetu uliyepanda daladala mbili kuja hapa, shikamoo, na poleni wote kwa jua la leo.

Nimepewa dakika kumi nieleze tutakavyokaguana mihtasari. Kwa muhtasari sisemi ule wa wizara wenye orodha ya mada. Nasema hizi kurasa mbili tatu ambazo kila mmoja wetu anafupisha mada kwenye kaunta buku, halafu wengine wanakopi. Sisi watahiniwa wa kujitegemea hatuna mwalimu wa kupitia madaftari yetu kila wiki. Tuko tisa, tuna kazi za kutwa nzima, na zimebaki wiki sita. Mtu akikosea kwenye muhtasari wake hapa, hakuna wa kumzuia isipokuwa mwenzake aliyeketi kando.

Niseme lililonifanya niombe nafasi hii. Mada ya kugawanywa kwa Afrika Mashariki niliifupisha mimi. Niliandika kwamba kwa mkataba wa 1886 Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Sivyo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana maeneo ya bara kwa mstari, wakamwachia Sultani visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili kumi. Zanzibar kwenda kwa Waingereza ni mkataba wa Heligoland wa 1890. Nilikuwa nimeibana mikataba miwili kwenye mstari mmoja ili ukurasa utoshe. Mwandiko ulikuwa mzuri, vichwa vya habari nimepigia mstari mwekundu, na watu sita wakapiga picha wakarushiana wasapu. Kwenye mtihani wa majaribio likaja swali la kupanga matukio kwa mfuatano wa wakati, na sote saba tukakosa pale pale. Iliniuma sana. Dada yetu wa duka la dawa alikesha na ukurasa ule baada ya zamu ya usiku, na alichokariri ni kosa langu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: muhtasari ambao haujakaguliwa usirushwe kwenye grupu. Ukishasambaa huurudishi.

Sasa namna ya kukagua. Wengi wetu tukipewa daftari la mwenzetu tunalisoma kuanzia juu hadi chini, tunatikisa kichwa, tunasema "safi". Ukianza na muhtasari, macho yako yanamwamini aliyeandika, na kilichoachwa huwezi kukiona kwa sababu hakipo. Tuanze na kitabu. Soma mada yenyewe, funga kitabu, chukua karatasi tupu uandike mambo matano ambayo ukiyatoa mada inakufa. Hapo ndipo ufungue daftari la mwenzako. Jambo lako likikosekana, weka mstari pembeni. Huenda yeye ana sababu ya kuliacha, mtaongea.

Kisha rudi kwenye kitabu na kidole. Kila mwaka, kila jina, kila namba, tafuta ilipotoka. Ukiikuta sawa, izungushie duara kwa penseli. Ukiikosa, weka alama ya kuuliza. Ndiyo maana mwandishi lazima aandike kwenye kona kitabu gani na ukurasa wa ngapi, la sivyo anamtuma mwenzake kutafuta sindano kwenye mchanga. Na iwe penseli. Peni nyekundu inamfanya mtu mzima ajisikie mtoto wa darasa la tatu, na hapa tuna watu wazima.

Kuna maneno madogo ambayo tunapofupisha ndiyo ya kwanza kutupwa: isipokuwa, baadhi, kabla ya, hasa. Jumamosi iliyopita kwenye Baiolojia nilikuta mstari huu: "Ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi." Kitabu kinasema ateri hupeleka damu kutoka kwenye moyo, na karibu zote hubeba damu yenye oksijeni nyingi, isipokuwa ateri ya mapafu. Hiyo inatoa damu yenye oksijeni kidogo moyoni kuipeleka kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Angalia kilichopotea. Siyo "isipokuwa" peke yake, hata maana ya ateri imeondoka, maana kinachoitambulisha ateri ni mwelekeo wa damu. Mtunga mtihani hupenda kuuliza hapo hapo. Basi mkaguzi, maneno hayo yafuatilie kwenye kitabu moja baada ya jingine.

Jambo la tatu nalipenda kuliko yote. Mihtasari yetu, ukiacha somo la Kiswahili, tunaiandika kwa Kiingereza kwa kuwa mtihani unakuja kwa Kiingereza. Mtu anaweza kunyofoa sentensi nzuri za kitabu, akazipanga, na asijue zinasema nini. Kwa hiyo baada ya penseli, daftari lifungwe, mwandishi aeleze mada kwa Kiswahili, kama anamweleza bibi yake. Mkaguzi aulize "kwa nini" mara mbili. Mfano, Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Umeandika sababu: kilimo cha pamba. Kwa nini pamba iwaudhi watu? Kwa sababu walilazimishwa kulima mashamba ya pamoja. Kwa nini hilo liwafikishe kwenye vita? Kwa sababu siku za kulima chakula chao zilikwenda kwenye pamba, malipo yalikuwa kiduchu, na kodi bado inadaiwa. Ukifika hapo una aya nzima ya insha. Ukiishia kwenye neno "pamba", muhtasari wako unahitaji mstari mmoja zaidi.

Mkibishana, msipige kura. Nimeona tukifanya hivyo, wanne dhidi ya wawili, na kitabu kiko mezani kimefungwa. Fungueni kitabu. Kikiwa hakieleweki, tafuteni cha pili. Mkikwama kabisa, katibu aandike swali hilo, na Jumatano tutamuuliza mwalimu anayetusaidia jioni.

Mzee wetu, hili naomba nikuelekeze wewe kwa heshima zote. Vijana hapa wanaogopa kukukosoa. Juzi mmoja aliona mwaka umekosewa kwenye daftari lako, akanyamaza, akaja kuniambia mimi nje getini. Tafadhali waruhusu kwa kinywa chako, leo, wakusikie. Nanyi vijana, semeni "mzee, hapa kitabu kinasema hivi", inatosha. Kumwachia mtu mzima kosa lake aingie nalo kwenye chumba cha mtihani siyo adabu.

Chini ya kila muhtasari kutakuwa na majina mawili, la aliyeandika na la aliyekagua. Kosa likipita, limepita kwenye mikono ya wote wawili.

Leo tunaanza na mada nne. Maji Maji inakaguliwa na dada wa duka la dawa, mfumo wa damu nachukua mimi, ngeli za nomino anachukua mzee, na ile ya kwangu ya ugawaji, niliyoiandika upya, naomba mwenyekiti uishike mwenyewe. Kitabu ni hiki, ukurasa nimeukunja. Penseli ziko kwenye kopo hapo dirishani. Saa kumi na moja tunaanza kuelezana kwa mdomo.