Tathmini ya Kuongeza Ghorofa Mbili: Jengo la Ghorofa Moja, Sinza, Dar es Salaam

Hitimisho: haiwezekani bila kuimarisha jengo kwanza.

Nguzo ya kati, milimita 230×230 yenye nondo 4 za milimita 12, inabeba takriban kN 479 kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya usanifu wa zege, kwa kuwa sampuli zilizotobolewa zimetoa zege la N/mm² 18 tu. Mzigo wa sasa, ukiwa umezidishwa kwa ajili ya usalama, ni kN 460. Ukiongeza slabu mbili unafika kN 920. Nguzo zivishwe zege jipya milimita 100 kila upande, nondo zipenye slabu hadi kwenye msingi. Zikiishia chini ya slabu, mzigo unabaki kwenye zege la zamani.

Bila kuzidishwa, mzigo huo mpya ni takriban kN 640, hivyo msingi wa mita 1.4×1.4 utakandamiza udongo kwa kN/m² 327. Kikomo ni 180. Upanuliwe hadi mita 2.1×2.1, ukichimbwa nguzo moja moja.