Fundi, tunakuomba Chumbageni Jumamosi ya tarehe 14

Shikamoo Fundi,

Natumai mgongo umepoa na nyumbani wote wazima. Mimi ni Salma, yule binti aliyekuja Sahare mwezi wa saba ukiwa unakalafati ile mashua ya bluu, ukanipa kibao nikae kivulini. Nimetuma kwa simu ya mjukuu wako, naomba akusomee taratibu.

Sisi tuko kama watu 18 hapa Tanga, maseremala vijana, wanafunzi wa ufundi, na wawili watoto wa wavuvi, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye baraza ya nyumbani kwetu Chumbageni, mtu anatuelezea kazi anayoijua kwa mikono yake. Hatuna ofisi wala bajeti, tuna mikeka na birika kubwa la chai.

Tunaomba uwe mgeni wetu Jumamosi tarehe 14 Novemba 2026, tuanze saa kumi na robo watu wakishaswali alasiri, tumalize kabla ya magharibi. Wewe ongea hata nusu saa tu, zilizobaki ni maswali, na Fundi yatakuwa mengi!

Siku ile nilikuona unasukuma pamba kwenye mwanya wa mbao, unagonga, unainamisha sikio, unagonga tena, halafu ukasema "hapa bado". Mimi sikusikia tofauti yoyote. Hiyo ndo tunaitaka. Vijana wetu hawashiki randa mpaka waone mchoro, sasa wanataka kujua wewe unatoaje mkuku na mataruma bila karatasi, jicho linajuaje ubavu wa kulia umelingana na wa kushoto, na kwa nini mbao hii uipitishe na ile uikatae. Pia mtepe, ule wa zamani uliokuwa unashonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, kama wazee wako walikusimulia chochote tuambie. Kuna anayesema siku hizi ni faiba tu, nikamwambia kule Lamu mwaka 2018 walishusha majini Flipflopi, chombo cha plastiki za kuokotwa, na waliokiunda ni mafundi wa majahazi kwa ujuzi huu huu wako, akanyamaza lakini naona bado ana swali lake, atakuuliza mwenyewe.

Usiandae hotuba wala usihangaike na nguo. Ukiweza njoo na tezo na keekee, magogo mawili ya mwembe tutayaweka hapo uonyeshe. Bajaji itakufuata mlangoni saa tisa na nusu na itakurudisha, nauli juu yetu. Posho ya maana hatuna Fundi, nakwambia mapema usije ukavunjika moyo, ila tumechanga elfu hamsini ya shukrani na mama atapika pilau. Kupiga picha au kurekodi ni mpaka wewe uridhie.

Kama siku hiyo una chombo cha kushusha, taja Jumamosi nyingine yoyote, sisi tutasogea. Mjukuu anijibu kwa namba hii hii, ikifika Ijumaa kimya nitakuja Sahare mwenyewe asubuhi.

Mwanao,
Salma